Barua ya Madai Inapotua AMCOS

Chama cha msingi cha wakulima kinaweza kupokea barua ya madai ya kodi ya zuio kwa fedha ambazo hazikuwahi kuwa zake. Sababu yake ni hesabu za benki. Ofisa wa kodi anapotazama akaunti ya chama anaona mamia ya mamilioni yameingia msimu wa mauzo, kisha yametoka kwa wakulima mmoja mmoja. Kwa macho yake hiyo ni biashara kubwa: chama kimenunua mazao, kimelipa wakulima, na hakikukata kodi.

Kodi yenyewe ilikuja na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022. Kampuni inayonunua mazao ya kilimo, mifugo au uvuvi inatakiwa kukata asilimia 2 ya malipo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania. Serikali ilipoileta hatua hiyo ilieleza kuwa mkulima mdogo hakulengwa. Lakini maelezo ya Serikali ni kitu kimoja na barua iliyoko mezani mwa katibu wa chama ni kitu kingine, na barua hiyo hujibiwa kwa vielelezo.

Tuchukue mfano wa AMCOS ya korosho kusini mwa Tanzania. Takwimu ni za kuonyesha hesabu tu. Msimu mmoja chama kimekusanya kilo 200,000. Mkulima analeta gunia, linapimwa, anapewa stakabadhi yenye jina lake, kilo na daraja. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unaingizwa kwenye mnada kupitia chama kikuu, na kampuni inanunua kwa shilingi 2,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi milioni 400. Kabla ya fedha kumfikia mkulima yanatoka makato yanayojulikana: ushuru wa halmashauri, usafirishaji, ghala, chama kikuu na ushuru wa AMCOS. Tuseme ushuru wa AMCOS ni shilingi 50 kwa kilo. Basi chama kimepata shilingi milioni 10 msimu mzima, nazo ndizo zinazolipa mlinzi, karani wa mizani, karatasi na posho za vikao.

Sasa barua inadai asilimia 2 ya milioni 400, yaani shilingi milioni 8, bila kuhesabu riba. Chama kikilipa kinabaki na milioni 2 za kuendesha ofisi mwaka mzima. Na hakiwezi kurudi kwa wakulima kuwakata, kwa kuwa malipo yao yalishaingia kwenye akaunti zao na yametumika kwa ada za shule na dawa za mikorosho.

Kiini cha utetezi ni kwamba AMCOS haikununua. Korosho zilibaki za mkulima hadi mnunuzi alipozilipia. Chama kilizikusanya, kikaziuza kwa niaba yake na kumfikishia fedha. Wajibu wa kukata kodi ya zuio ni wa anayelipia bidhaa, na aliyelipia hapa ni kampuni iliyoshinda mnada. Chama hakikuwa mnunuzi, kwa hiyo hakikuwa mzuiaji.

Baada ya hapo ndipo inafuata hoja ya msamaha, na watu wengi huzichanganya hizi mbili. Sheria ya Kodi ya Mapato inasamehe mapato ya chama cha msingi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, kinachojishughulisha na kilimo, ilimradi mauzo ghafi yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100. Na malipo ambayo ni mapato yaliyosamehewa hayakatwi kodi ya zuio. Lakini ofisa akihesabu milioni 400 kuwa mauzo ya chama, msamaha umepotea palepale. Ikikubalika kwamba cha chama ni milioni 10 tu, msamaha unasimama. Kwa hiyo thibitisha kwanza fedha ni ya nani, ndipo udai msamaha. Barua inayoanza kwa kusema “sisi ni ushirika, tumesamehewa” imejenga paa kabla ya kuta.

Barua nzuri haina maneno mengi. Inaweza kwenda hivi:

“YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MADAI YA KODI YA ZUIO

Rejea barua yako yenye kumbukumbu na tarehe zilizotajwa hapo juu. Chama kinapinga madai yote ya shilingi 8,000,000. Kilo 200,000 zilizotajwa zilikuwa mali ya wanachama hadi zilipouzwa mnadani, kama inavyoonekana kwenye stakabadhi za ghala (kiambatisho A) na orodha ya malipo kwa kila mkulima (kiambatisho B). Mapato ya chama yalikuwa ushuru wa shilingi 50 kwa kilo, jumla shilingi 10,000,000, kama yanavyoonekana kwenye hesabu zilizokaguliwa (kiambatisho C). Tunaomba madai yafutwe.”

Neno “pingamizi” halikuwekwa hapo kwa mapambo. Kama karatasi iliyopokelewa ni swali la ofisa tu, majibu ya kawaida yanatosha. Kama ni makadirio au uamuzi wa kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatoa siku 30 tangu kupokelewa kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Chama kinachojibu kwa barua ya maelezo, kikaendelea kusubiri jibu, kinaweza kushtuka siku zimekwisha na deni limekuwa halali. Kwa hiyo piga muhuri wa tarehe siku ileile barua inapoingia, na nakala ya pingamizi irudi ofisini ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Kuna kikwazo kingine ambacho huwaumiza wengi. Ili pingamizi lipokelewe, mlipakodi hutakiwa kulipa kwanza kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Kwa chama chetu theluthi ni takriban shilingi 2,667,000, fedha ambayo huenda haimo hata benki wakati wa kiangazi. Sheria inaruhusu kumwomba Kamishna Mkuu apunguze au aondoe sharti hilo kwa sababu za msingi. Ombi hilo liandikwe pamoja na pingamizi, likiwa na taarifa ya benki inayoonyesha salio. Wasiokubaliana na uamuzi wa mwisho huenda Bodi ya Rufani za Kodi.

Utetezi huu una mipaka, na ni vema bodi ya chama iijue kabla ya mkaguzi kuitaja. Kama chama kilichukua mkopo, kikanunua korosho kwa fedha taslimu kijijini na kuziuza kwa faida, kilikuwa mnunuzi, na hoja ya uwakala haisimami kwa kilo hizo. Zitenganishwe kwenye hesabu. Vilevile msamaha wa mapato ya chama hauondoi wajibu wake wa kukata kodi kwenye mishahara ya watumishi, wala asilimia 10 ya pango la ofisi kama imepangwa. Ofisa akikuta pango halikukatwa kodi, liandikwe kwenye barua kama kiasi kisichobishaniwa na lilipwe.

Hoja hizi zote huanguka pale orodha ya malipo inapokosa kulingana na stakabadhi. Udhaifu huonekana haraka: jumla ya kilo za wakulima ni 194,000 na ghala lilipokea 200,000. Kilo hizo 6,000 zisizo na mwenyewe ndizo ofisa atakazoziita ununuzi wa chama, na ni vigumu kumkatalia. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa barua, karani akae na vitabu vya mizani na alinganishe gunia kwa gunia, tofauti ipatiwe maelezo, iwe ni unyaukaji wa korosho, kosa la kunakili au jina lililorukwa. Kumbukumbu hizo zinatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano, na kitabu kilicholiwa na mchwa kwenye kabati la ofisi hakiwezi kuwa kiambatisho B.