Kiongozi Alijua Nini, na Lini?

Tarehe 8 Septemba 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikubali kulipa faini ya dola milioni 185. Wafanyakazi wa matawi yake walikuwa wamefungua akaunti zipatazo milioni 1.5 na kuomba kadi za mkopo zipatazo 565,000 ambazo huenda wateja wenyewe hawakuziidhinisha. Mwaka uliofuata jumla hiyo ilipanda hadi kama milioni 3.5. Benki ilieleza kwamba katika miaka mitano ilikuwa imewafukuza kazi watu wapatao 5,300 kwa sababu ya udanganyifu huo.

Kisa hiki kinafaa sana kumfundisha mwanafunzi wa uongozi au biashara jinsi ya kuchambua kushindwa kwa viongozi wa kampuni, kwa sababu majibu mengi dhaifu huanguka palepale kinapoanzia. Mwanafunzi hukisimulia upya: akaunti zilifunguliwa, wateja wakalalamika, benki ikatozwa faini, mkuu akajiuzulu. Kurasa mbili zinajaa na bado hajajibu swali. Swali halikuuliza kilichotokea. Liliuliza viongozi walishindwa wapi, na kushindwa huko kulizaaje hayo yaliyotokea.

Hatua ya kwanza basi ni kukiweka kisa katika jedwali la safu nne: tarehe, aliyejua, alichojua, alichofanya. Jedwali hili halihitaji kuonekana kwenye jibu. Ni la rasimu, lakini ndilo linalomlazimisha mwanafunzi aache kuandika “uongozi” kama kwamba ni mtu mmoja, aanze kuandika majina na vyeo.

Kwa Wells Fargo safu hizo hujaa haraka, kwa kuwa wakurugenzi huru wa bodi walifanya uchunguzi na kutoa ripoti yao Aprili 2017. Lengo maarufu la kumuuzia kila familia bidhaa nane za benki lilitoka kwa Richard Kovacevich, mkuu aliyetangulia. John Stumpf alishika uongozi wa benki mwaka 2007, na mwaka huohuo Carrie Tolstedt akakabidhiwa kitengo cha matawi. Desemba 2013 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha habari za shinikizo la mauzo na akaunti zilizofunguliwa bila ridhaa. Mei 2015 jiji la Los Angeles likaishtaki benki. Mwezi huohuo wajumbe wa bodi waliambiwa kwamba waliofukuzwa ni kama 230. Idadi ya 5,300 waliijua siku faini ilipotangazwa, pamoja na umma.

Sasa mwanafunzi aitazame safu ya nne. Kati ya Desemba 2013 na Septemba 2016, watu wa chini waliendelea kufukuzwa na mafunzo ya maadili yakaongezwa. Malengo ya mauzo yalipunguzwa kidogo, ila mfumo wenyewe ukabaki. Pengo hilo kati ya kilichojulikana na kilichofanywa ndilo kiini cha jibu.

Hatua ya pili ni kutenganisha tabaka tatu ambazo wanafunzi wengi huzichanganya: dalili, chanzo cha karibu na uamuzi wa kiongozi. Akaunti bandia ni dalili. Ili kukiona chanzo cha karibu, inabidi mwanafunzi asogee mpaka dirishani pa benki. Mfanyakazi aliyebanwa na lengo la siku alifungua akaunti ya pili kwa jina la mteja, akahamisha fedha kutoka akaunti ya kwanza ili akaunti mpya ionekane ina amana, kisha akazirudisha baadaye. Wakati mwingine fedha hizo zilipokuwa upande wa pili, malipo ya mteja yalifika kwenye akaunti ya kwanza yakakuta salio halitoshi, naye akatozwa ada. Mfanyakazi hakufanya hivyo kwa kupenda tu. Katika baadhi ya mikoa ya benki mauzo yalifuatiliwa kila siku, na aliyebaki nyuma alijua kazi yake iko hatarini.

Juu ya hayo ndipo pana uamuzi wa kiongozi. Ripoti ya bodi ilionyesha kwamba mameneja wenyewe waliiita mipango ya mauzo “hamsini kwa hamsini”, yaani walitarajia nusu tu ya mikoa iweze kuifikia. Mtu anayepanga lengo akijua kwamba nusu ya watu wake hawatalifikia, kisha akaambatanisha ajira zao na lengo hilo, amefanya uamuzi wenye matokeo yanayotabirika. Sentensi ya aina hiyo ina uzito kuliko aya nzima ya kusema uongozi ulikosa maadili. Neno “maadili” lenyewe halikosei, ila halielezi kwa nini maelfu ya watu katika matawi yaliyo mbali mbali walifanya kosa la aina moja.

Mtego mkubwa zaidi upo kwenye maelezo ya watuhumiwa wenyewe. Stumpf alishikilia kwamba waliofukuzwa walikuwa kama asilimia 1 ya wafanyakazi kwa mwaka, hivyo asilimia 99 walifanya kazi ipasavyo. Mwanafunzi asiye makini huinakili takwimu hiyo kama ushahidi kwamba tatizo lilikuwa dogo. Mchambuzi huuliza: asilimia 1 ya nini? Hao ni waliokamatwa na kufukuzwa. Hawamo ambao hawakukamatwa, wala walioacha kazi kwa kushindwa na shinikizo, na upelelezi wa ndani ulilenga wale waliovuka mipaka kupita kiasi. Tena, kufukuza mamia ya watu kila mwaka kwa kosa lilelile ni ishara kwamba kosa linatoka kwenye mfumo. Kiongozi aliisoma namba hiyo kama kipimo cha usafi wa benki, na usomaji huo wenyewe ni sehemu ya kushindwa kwake.

Baada ya hapo nadharia inaweza kuingia, na moja inatosha. Jibu linalotaja nadharia tano kwa sentensi mojamoja huonyesha kumbukumbu, halionyeshi uchambuzi. Kwa kisa hiki kazi ya Edgar Schein kuhusu utamaduni wa taasisi inafaa. Schein alieleza kwamba viongozi hujenga utamaduni kwa yale wanayoyapima na kuyafuatilia, kwa namna wanavyoitikia misukosuko, na kwa wanaowazawadia au kuwaondoa, kuliko kwa maneno yaliyoandikwa ukutani. Mwanafunzi akiziweka tabia hizo kando ya ushahidi, kila moja inapata tukio lake: kilichopimwa kila siku ni mauzo, habari za gazeti zilipotoka waliondolewa watu wa chini, na Tolstedt akaendelea kusifiwa na mkuu wake hadi kustaafu kwake kulipotangazwa Julai 2016. Nadharia isiyopata tukio ndani ya kisa iachwe, hata kama ilifundishwa wiki iliyopita.

Tofauti huonekana vizuri katika aya moja. Mwanafunzi wa kwanza anaandika: “Uongozi wa Wells Fargo ulikuwa mbaya kwa sababu ulijali faida kuliko wateja, na hii ilisababisha udanganyifu.” Wa pili anaandika: “Kosa kuu la Stumpf ni kuuacha mfumo wa malengo baada ya Desemba 2013, alipokuwa na sababu ya kuutilia shaka. Kwa kuwafukuza wafanyakazi bila kuondoa shinikizo lililowasukuma, aliufundisha uongozi wa kati kwamba kosa ni kukamatwa.” Aya ya pili ina mtu, wakati, uamuzi na matokeo. Msomaji anaweza kuipinga kwa hoja, jambo ambalo la kwanza haliruhusu.

Aya kama hiyo ndiyo inayostahili kufungua jibu. Hukumu itangulie, katika sentensi mbili au tatu, bila historia ya benki tangu ilipoanzishwa. Muhtasari wa ukweli ufuate, nao uwe mfupi, usizidi sehemu moja ya sita ya jibu, ukiwa na yale tu yatakayotumika mbele. Uchambuzi uchukue karibu nusu, ukipanda kutoka dalili hadi uamuzi.

Kisha ije hoja ya upande wa pili, ambayo wengi huiruka. Mtetezi wa Stumpf anaweza kusema kwamba alirithi malengo hayo, kwamba benki iliviachia vitengo vyake uhuru mkubwa, na kwamba hasara ya moja kwa moja ya wateja ilionekana ndogo. Ada walizorudishiwa mwanzoni zilikuwa kama dola milioni 2.6, kiasi kidogo kwa benki ya ukubwa ule. Hoja hizi zina nguvu, na mwanafunzi azipe haki yake. Pia inamkumbusha kwamba kiongozi ahukumiwe kwa alichojua siku ile, si kwa kile sote tunachokijua leo.

Jibu la hoja hiyo limo ndani ya kisa chenyewe. Siku 5 baada ya faini kutangazwa, benki ilisema itafuta malengo ya mauzo ya bidhaa katika matawi, na ikayaondoa kufikia tarehe 1 Oktoba 2016. Kama yaliweza kuondolewa ndani ya wiki chache, uwezo wa kuyaondoa ulikuwepo pia mwaka 2014. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni gharama ya kunyamaza. Kwa ushahidi huo hukumu inasimama, ingawa ni lazima ipunguzwe makali mahali pamoja: bodi iliyopewa idadi ya 230 haiwezi kulaumiwa kwa kutojua 5,300, bali kwa kutodai takwimu kamili baada ya gazeti na mashtaka.

Mapendekezo ndiyo huja mwisho, na hapa majibu mengi hulegea. “Benki itoe mafunzo ya maadili” halifai, kwa sababu mafunzo yalikuwepo. Kila pendekezo lipitishwe kwenye jaribio moja: je, lingekuwepo mwaka 2013, mfanyakazi wa tawi angefanya jambo tofauti? Kufukuza mkuu peke yake hakufaulu jaribio hilo. Stumpf alijiuzulu Oktoba 2016, lakini anayekuja akikuta malengo yaleyale, matawi yatafanya yaleyale. Kuondoa malengo kunafaulu. Kuwafanya wasimamizi wa hatari wa kitengo cha matawi waripoti makao makuu badala ya kwa mkuu wa kitengo kunafaulu pia, kwa kuwa habari za watu waliofukuzwa zingefika juu bila kupita mikononi mwa mtu aliyenufaika na mauzo.

Pendekezo lieleze pia nani atalitekeleza na kwa muda gani. Februari 2018 Benki Kuu ya Marekani iliizuia Wells Fargo isikuze mali zake kupita zilipofikia mwishoni mwa 2017, kama dola trilioni 1.95, mpaka irekebishe usimamizi wake. Zuio hilo liliondolewa Juni 2025, baada ya zaidi ya miaka 7, na mwanafunzi anayependekeza mageuzi ya miezi sita anapaswa kueleza kwa nini anadhani kampuni yake itaenda kasi zaidi ya hiyo.