Mtihani Usio na Idadi Moja ya Maswali

Muuguzi anayetaka leseni ya kufanya kazi Marekani, awe amesomea Nairobi, Manila au Chicago, hana budi kufaulu mtihani wa NCLEX-RN. Wawili wakiufanya siku moja katika chumba kimoja, mmoja anaweza kumaliza kwa maswali 85 na mwenzake akafika 150, na maswali yenyewe yasiwe yale yale. Hata hivyo wote wawili wanapimwa kwa kiwango kimoja. Hadi miaka ya mwanzo ya 1990 mtihani huo ulikuwa wa karatasi, ukifanywa mara mbili kwa mwaka. Aprili 1994 ukahamishiwa kwenye kompyuta inayochagua kila swali kwa kuangalia majibu yaliyotangulia.

Mtihani wa karatasi hutungwa kabla mtungaji hajamjua mtahiniwa. Kwa kuwa utasomwa na walio hodari na walio dhaifu, lazima uwe na maswali mepesi, ya wastani na magumu. Aliye hodari hupoteza muda kwa maswali ambayo karibu kila mtu angeyapata, na aliye dhaifu hubahatisha yale yaliyomzidi kimo. Katika hali zote mbili jibu linasema machache juu ya uwezo wa mtu, kwa sababu lilikuwa linajulikana karibu kabla halijatolewa.

Kompyuta inayakwepa maswali ya namna hiyo kwa kutumia mizani moja inayobeba vitu viwili: ugumu wa swali na uwezo wa mtahiniwa. Kizio chake huitwa lojiti, na hesabu inayoiongoza ilitolewa na mwanahisabati wa Denmaki, Georg Rasch. Uwezo wa mtu ukilingana na ugumu wa swali, nafasi yake ya kulipata ni nusu kwa nusu. Akilizidi swali kwa lojiti 1, nafasi yake ni kama 73 kwa 100. Akilizidi kwa lojiti 3, inafika 95 kwa 100.

Ugumu wa swali haukadiriwi kwa macho ya mwalimu. Swali jipya huingizwa kwanza katika mitihani halisi bila kuhesabiwa, likajibiwa na watahiniwa wengi, ndipo majibu yao yaonyeshe mahali pake kwenye mizani. Ndiyo maana kati ya maswali 85 ya mwanzo katika NCLEX-RN, 15 ni ya majaribio na hayaathiri matokeo. Mtahiniwa haambiwi ni yapi.

Mtihani unapoanza, kompyuta haimjui mtu, hivyo haianzi na swali gumu sana. Akilipata, makadirio ya uwezo wake yanapanda na swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, akilikosa, yanashuka. Mwanzoni makadirio huruka kwa hatua kubwa kwa kuwa ushahidi ni mdogo. Kadiri majibu yanavyoongezeka, jibu moja linayasogeza kidogo tu. Lengo ni kumpa mtahiniwa swali ambalo nafasi yake ya kulipata iko karibu na nusu, maana hapo ndipo jibu linapobeba taarifa nyingi kuliko popote. Kwa hesabu ya Rasch, swali lililolingana na uwezo wa mtu lina taarifa zaidi ya mara tano ya lile lililo chini yake kwa lojiti 3. Hapa ndipo mtihani unapofupika.

Ugumu peke yake hautoshi, kwani muuguzi anayejua dawa tu na hajui kuzuia maambukizi si salama kwa mgonjwa. Kwa hiyo kompyuta huangalia pia ni eneo gani la uuguzi lililobaki nyuma ya mgawo wake, kisha huchukua swali kutoka hapo. Haichukui daima lile linalofaa kuliko yote. Hulipata kwa bahati nasibu kati ya kadhaa yanayokaribiana, ili swali moja lisionekane na watu wengi mno. Tangu Aprili 2023 kuna pia visa vya wagonjwa, kila kimoja kikiwa na maswali sita. Maswali hayo sita huja kwa pamoja na hayabadiliki kwa jibu la katikati.

Swali la lini kusimama hutegemea kosa la makadirio. Chukua mfano uliorahisishwa, ambamo kila swali ni la kupata au kukosa na limelingana vizuri na mtu. Baada ya maswali 70 yanayohesabiwa, kosa hilo ni karibu lojiti 0.24, na ukanda wa uhakika wa asilimia 95 unaenea kama 0.47 kila upande. Kiwango cha kufaulu NCLEX-RN kilichowekwa Aprili 2013 na kuachwa vile vile mwaka 2023 ni 0.00. Mtahiniwa mwenye makadirio ya 0.60 ana ukanda wa 0.13 hadi 1.07. Wote uko juu ya sifuri, basi kompyuta inafunga na amefaulu. Mwenye -0.60 naye anafungiwa hapo hapo, ila ameshindwa. Mwenye 0.20 ana ukanda wa -0.27 hadi 0.67. Sifuri imo ndani, basi anaendelea kuulizwa.

Akifika swali la 150, yanayohesabiwa yakiwa 135, ukanda bado ni kama 0.34 kila upande. Hapo kompyuta huacha kudai uhakika huo na kuangalia makadirio peke yake: yakiwa juu ya kiwango amefaulu, yakiwa chini ameshindwa. Kwa hiyo urefu wa mtihani hausemi matokeo. Unasema tu jinsi mtu alivyo mbali na mstari au karibu nao.

Alama nazo hazijumlishwi kama katika karatasi. Wengi hutoka wakiwa wamepata karibu nusu ya maswali, kwa kuwa ndivyo kompyuta ilivyokusudia. Aliyepata nusu ya maswali yenye ugumu wa wastani wa 1 ana uwezo wa karibu 1. Aliyepata nusu ya yale ya -1 yuko karibu -1. Idadi ya majibu sahihi ni moja, lakini wa kwanza amefaulu na wa pili ameshindwa. Kuhisi kwamba mtihani ulikuwa mgumu tangu mwanzo hadi mwisho, basi, si dalili mbaya.

Mfumo huu una gharama zake. Mtahiniwa hawezi kuruka swali wala kurudi kulibadili, kwa sababu lililofuata lilichaguliwa kwa jibu hilo. Benki ya maswali lazima iwe kubwa. Mwaka 1994 kampuni ya Kaplan iliwatuma wafanyakazi wake kufanya mtihani wa GRE wa kompyuta na kukariri maswali, ikaonyesha kwamba mengi yalikuwa yakirudiwa, na waandaaji wakalazimika kuusitisha kwa muda. Haraka ya mwisho pia ina madhara. Muda wa NCLEX-RN ni saa tano, na anayebahatisha mfululizo ili amalize huvuta makadirio yake chini. Muda ukiisha kabla ya swali la 85, ameshindwa. Ukiisha baada ya hapo, makadirio ya mwisho ndiyo yanayoamua.

Aliyeshindwa hapewi asilimia. Hupewa ripoti inayoonyesha, kwa kila eneo la uuguzi, kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho au chini yake. Anaruhusiwa kurudia baada ya siku zisizopungua 45, na safari hiyo hukutana na maswali mengine.