Siku Saba za Wakili, Siku 21 za Mahakama

Tuchukue fundi samani mmoja wa Morogoro, wa kubuni, ingawa yaliyompata huwapata wengi. Mwaka 2022 alichukua mbao za mkopo za shilingi milioni 36 kwa mfanyabiashara aliyezoeana naye. Akalipa milioni 12 kwa simu, kidogo kidogo, kisha kazi zikapungua na malipo yakakatika. Miezi ikapita. Siku moja kijana wa bodaboda akamletea bahasha yenye nembo ya ofisi ya mawakili. Ndani ameandikiwa kwamba anadaiwa shilingi milioni 56.8, alipe ndani ya siku saba, la sivyo atafikishwa mahakamani “bila taarifa nyingine”.

Usiku ule hakulala. Lakini karatasi iliyostahili kumkosesha usingizi ilikuwa bado haijafika.

Barua ya wakili si amri. Siku saba zile zimepangwa na anayedai, si sheria, na zikipita hakuna hukumu inayotoka wala dalali anayeweza kugusa mali ya mtu. Kilichopo ni kwamba sasa mdai yuko tayari kwenda mahakamani. Kukaa kimya hakumaanishi umekubali deni, ila unapoteza nafasi ya kumaliza jambo kwa gharama ndogo. Kwa hiyo barua isomwe taratibu, kalamu mkononi, na jumla ile kubwa ivunjwe vipande.

Milioni 56.8 za fundi wetu zilijengwa hivi: milioni 36 bei ya mbao, milioni 7.2 riba, milioni 10 fidia ya usumbufu, na milioni 3.6 gharama za wakili. Kila kipande kina swali lake. Bei ya mbao ni kweli, lakini milioni 12 zilizolipwa hazikutajwa popote, na ujumbe wa malipo upo kwenye simu. Riba je, ilikubaliwa wapi? Kama makubaliano yao hayakuitaja, mdai atakuwa na kazi ya kueleza ilikotoka. Fidia ni mahakama inayopima kama inastahili na kwa kiasi gani, na hasara inayotajwa kwa tarakimu lazima ithibitishwe. Gharama za wakili nazo, kesi ikifika mahakamani, hakimu ndiye anayeamua nani azibebe. Ukiondoa hayo, deni lisilo na ubishi ni milioni 24. Kiasi hicho ndicho cha kuzungumzwa.

Jibu la fundi lingeweza kuwa la aya tatu: nimelipa kiasi hiki, nakala za malipo hizi hapa, riba na fidia sizikubali, ninapendekeza kulipa salio kwa awamu hizi. Pendekezo la suluhu liandikwe wazi kwamba limetolewa kwa ajili ya mapatano tu, lisitumike kama ushahidi, na bila kuathiri haki zake.

Hapa pana mtego kwa wenye madeni ya zamani. Tanzania Bara, madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka sita. Lakini ukikiri deni kwa maandishi na kutia saini, au ukilipa sehemu yake, kabla miaka hiyo haijaisha, hesabu inaanza upya. Deni la mwaka 2019 likikiriwa kwa barua mwaka 2024, mdai amepata hadi 2030. Kama mbao zingekuwa za miaka mitano iliyopita, ningemwambia fundi asiandike hata mstari mmoja kabla ya kuonana na wakili.

Fundi hakujibu. Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, mtu akamletea karatasi nyingine, akamtaka atie saini kwamba amepokea. Hii sasa ni samansi. Utaitambua kwa jina la mahakama, namba ya shauri, muhuri, saini ya ofisa wa mahakama, na hati ya madai iliyoambatanishwa. Ukiwa na shaka, nenda masjala ya mahakama iliyotajwa, uwaonyeshe ile namba. Kukataa kusaini hakusaidii kitu: anayepeleka samansi anaweza kuibandika mlangoni kwako, akaapa mahakamani kwamba alifanya hivyo, na ukahesabika umeipata.

Samansi ile ilimtaka awasilishe utetezi wa maandishi ndani ya siku 21. Chini yake iliandikwa kwamba shauri litatajwa tarehe 18 Aprili. Hapa ndipo watu wanapoangamia, na huniuma kila ninapoona mtu mwenye haki yake akiangamia hivyo. Wanaishika ile tarehe ya kutajwa, kwa kuwa ndiyo yenye siku na saa, na wanapanga kwenda kujieleza siku hiyo. Kumbe muda wa kujibu umekwisha zamani.

Hesabu ni nyepesi. Siku ya kupokea haihesabiwi, na siku 21 ni wiki tatu kamili; aliyepokea Jumanne, siku yake ya mwisho ni Jumanne. Kwa fundi wetu ni tarehe 26 Machi. Akichelewa, bado ana mlango mdogo: ndani ya siku saba baada ya muda kwisha, yaani hadi tarehe 2 Aprili, anaweza kuiomba mahakama kwa sababu ya msingi, nayo ikikubali itamwongezea siku 10. Tarehe 18 Aprili milango hiyo yote imefungwa. Mdai ataomba athibitishe madai yake upande mmoja, na hakimu hatasikia kabisa habari za zile milioni 12. Hukumu ikitoka, hatua inayofuata ni kuikazia, na dalali wa mahakama sasa anakuja kihalali. Kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe kunawezekana, ila utapaswa kueleza kwa nini hukujibu, na “nilidhani ni tarehe 18” ni maelezo dhaifu.

(Utaratibu huu ni wa mahakama za wilaya kwenda juu. Kwenye Mahakama ya Mwanzo, ambako madeni madogo huanzia, mdaiwa huitwa na kujibu kwa mdomo, na tarehe ya kufika ndiyo ya kuishika.)

Utetezi wenyewe haufai kuwa “nakanusha yote”. Madai hujibiwa aya kwa aya, na dai la ukweli lisilokanushwa waziwazi huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Fundi akubali kwamba alichukua mbao, aeleze malipo yake kwa tarehe na kiasi, akanushe riba na fidia kwa sababu. Kama sehemu ya mbao ilikuwa mbovu na akapata hasara, anaweza kuleta madai yake dhidi ya mdai humohumo. Kama shauri limepitwa na muda, au mahakama haina mamlaka nalo, aweke pingamizi la awali. Akishindwa kumlipa wakili, wapo watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017.

Utetezi ukishaingia, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Pale fundi anakutana tena na muuza mbao, mezani, ana zile risiti za simu mkononi. Wakikubaliana milioni 24 kwa awamu, makubaliano yanasajiliwa na kuwa hukumu. Wasipokubaliana, shauri linasikilizwa, na hata akishindwa anaweza kumwomba hakimu alipe kwa awamu.