Advansi ya Februari, Deni la Juni

Februari 2026 Jumatano ya Majivu na mfungo wa Ramadhani viliangukia wiki moja. Kwa kampuni za harusi za Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, na familia za Kiislamu huahirisha karamu hadi baada ya Idi. Miaka ambayo misimu hii miwili huachana, ukumbi uliokosa harusi ya kanisani hupata ya msikitini. Safari hii ilikuwa kimya kwa wote.

Kwa hiyo mpango wa biashara hii huanza na kalenda, kabla ya vitambaa na maua. Kwaresima huifuata Pasaka, nayo hubaki kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Aprili. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, mwezi ambao kampuni nyingi huutegemea kuliko mingine yote.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye sherehe 24 kwa mwaka. Kila mteja hulipa shilingi milioni 6, na milioni 4.5 kati ya hizo ni za mpishi, mpambaji, mshereheshaji na wapiga picha. Kampuni hubakiwa na milioni 1.5. Kodi ya ofisi, mishahara na usafiri hula milioni 2.2 kila mwezi. Kwa mwaka mzima inabaki faida ya milioni 9.6 kabla ya kodi ya mapato, na kwenye karatasi mambo ni mazuri.

Kasheshe huja Februari na Machi. Sherehe hakuna, lakini fedha zinaingia, kwa sababu huu ndio wakati ambao kamati za harusi za Juni hadi Agosti hushika tarehe. Wateja wanane wakitanguliza asilimia 30, yaani milioni 1.8 kila mmoja, akaunti inapokea milioni 14.4. Nusu huenda kwa watoa huduma ili nao washike tarehe. Milioni 7.2 zinabaki benki, na mwenye kampuni anajiona tajiri katikati ya ukame.

Anatoa milioni 4.4 kulipia miezi miwili ya kimya, kisha ananunua spika mpya za milioni 2.8. Hakuna aliyeibiwa. Lakini Juni hadi Agosti wateja wale wanane watamalizia milioni 33.6, na watoa huduma watadai milioni 28.8. Zitabaki milioni 4.8, wakati ofisi inahitaji 6.6. Pengo ni milioni 1.8, sawasawa na advansi ya harusi moja. Kwa hiyo fedha ya bibi harusi wa Desemba inalipia mambo ya Agosti, na kuanzia hapo kampuni inaishi kwa kukimbizana na wateja wapya. Wateja wakipungua mwezi mmoja tu, kuna familia itakayofika ukumbini na kukuta mpishi hajaja.

Dawa yake ni akaunti mbili. Advansi hukaa kwenye akaunti ya wateja, na ile milioni 1.5 huvuka kwenda kwenye akaunti ya kampuni baada tu ya sherehe kufanyika. Miezi ya kimya nayo hulipiwa na msimu uliopita: sherehe 6 za Novemba na Desemba huleta milioni 9, na gharama za miezi hiyo miwili zikitolewa zinabaki milioni 4.6. Zinatosha Februari na Machi, lakini hakuna cha kununulia spika.

Malipo yanayofuata yapangwe kwa mwendo wa michango. Kamati hukusanya polepole, na ahadi nyingi hutimizwa wiki za mwisho. Kudai nusu miezi mitano kabla ni kuifukuza kamati, na kusubiri salio hadi asubuhi ya harusi ni kujitafutia deni, kwani baada ya sherehe vikao huvunjika na mweka hazina hapatikani. Asilimia 30 mwanzo, 40 mwezi mmoja kabla na 30 siku saba kabla ni mpangilio unaobebeka.

Siku hiyo ya saba ndiyo pia ya kufunga idadi ya sahani kwa maandishi. Mpishi hununua mchele, nyama na mafuta kwa fedha taslimu, kwa hiyo alipwe sehemu kubwa kabla. Mpambaji vitambaa na stendi anavyo tayari, yeye anahitaji fedha ya maua na vibarua, salio linaweza kusubiri hadi ukumbi uwe umepambwa. Anayewalipa wote kwa mkupuo mmoja humbana mpishi bila sababu. Na mpishi aliyebanwa hupunguza nyama kwenye sufuria, lakini wageni humlaumu aliyeandaa harusi.