Kikao Kisogee, Siku ya Kutoa Ibaki

Jumapili ya kwanza ya Aprili 2026 ni Pasaka. Kwa vikundi vya upatu vinavyokutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hapo ndipo katibu anapoandika ujumbe ambao makatibu wengi wameshauandika: kikao cha tarehe 5 hakipo, tutakutana tarehe 12, tena si Tandika kama kawaida bali Mbagala Rangi Tatu, kwa kuwa mwenyeji wetu amesafiri kwenda kula sikukuu kwao. Ni mistari miwili tu, na wanachama wengi hujibu "sawa" wakaendelea na shughuli zao. Lakini mistari hiyo imefunga pamoja mambo matatu yasiyolingana uzito: kikao chenyewe, siku ya mwisho ya kutoa mchango, na siku ambayo mwenye zamu anakabidhiwa fedha zake. La kwanza viongozi wanaweza kulisogeza bila kumuumiza mtu. Hayo mawili mengine si ya katibu kuyasogeza peke yake, na makosa mengi yanayovunja mchezo huanzia hapo, pale siku ya kukutana inapochukuliwa kuwa kitu kimoja na siku ya kulipa.

Tuchukue kikundi cha mfano cha akina mama kumi na wawili, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, na mpokeaji naye anatoa, kwa hiyo kila mwezi mmoja wao anaondoka na 600,000. Walianza Januari. Kufikia mwisho wa Machi, watatu wameshapokea. Kila mmoja wa hao watatu amechukua 600,000 na ametoa 150,000, kwa hiyo bado ana deni la 450,000 kwa wenzake. Jumla yao wanadaiwa 1,350,000. Upande wa pili kuna tisa ambao hawajapokea, kila mmoja ameshatoa 150,000, na ukizijumlisha unapata 1,350,000 ile ile. Hakuna faida na hakuna riba, ila kuna wadai na wadaiwa waliokaa kwenye mkeka mmoja. Ndiyo maana siku ya kutoa si siku ya kujumuika tu. Kwa watatu wale ni siku ya marejesho ya mkopo, na kwa wale tisa ni siku ya kuongeza fedha mikononi mwa wenzao. Tarehe ikisogezwa kwa wiki moja, aliyeongezewa muda ni mdaiwa, na anayelipia muda huo ni yule ambaye zamu yake ndiyo hiyo.

Huyo wa Aprili ndiye wa kumtazama kwa karibu. Amepanga chumba na sebule, na kodi yake ya miezi sita inaisha tarehe 10 Aprili. Alipoomba zamu ya nne hakuichagua kwa bahati, alihesabu vidole. Fedha zikija tarehe 5, ana siku tano za kumlipa mwenye nyumba. Zikija tarehe 12, amechelewa siku mbili, na siku hizo mbili atazitafutia fedha kwa mkopeshaji wa mtaani mwenye riba, au atamwomba mwenye nyumba amvumilie. Katika mchezo mzima wa miezi kumi na miwili hakuna mtu mwingine ambaye tangazo lile la mistari miwili limemgharimu hata senti. Yeye peke yake ndiye aliyebeba gharama ya Pasaka ya wenzake, na pengine hakuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba wiki moja si kitu, na kwamba watu wanaojuana miaka mingi hawashindwi kuvumiliana. Hoja hii ina ukweli wake, kwa sababu upatu unasimama juu ya kujuana. Lakini kujuana peke yake hakutoshi kuulinda. Watafiti Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, waliochunguza vikundi vya aina hii Kibera, Nairobi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, walionyesha kwamba wanawake wengi walioolewa huingia mchezoni ili kuweka akiba isitumike kwa matakwa ya mume nyumbani. Fedha inakuwa salama kwa kuwa ina siku yake: leo ni siku ya mchezo, lazima nitoe, wenzangu wananisubiri. Siku hiyo ikiondoka, sababu ya kukataa kuitoa kwa jambo jingine imeondoka nayo. Mshahara wa Machi umeingia mwishoni mwa mwezi, 50,000 ilishatengwa kwenye bahasha, kisha tangazo linasema hadi tarehe 12. Hapo katikati kuna nguo za watoto, kuku wa sikukuu, wageni, na nauli ya kurudi kutoka kijijini. Anayefika tarehe 12 na 30,000 akiomba amalizie wiki ijayo si lazima awe mtu mbaya. Alipewa siku saba za kuilinda fedha asizoziomba, tena siku saba ngumu kuliko zote.

Kwa hiyo dawa ni kutenganisha. Kikao kiende tarehe 12, mchango ubaki tarehe 5 au kabla yake, na mpokeaji apate chake kwa tarehe yake. Kwa kuwa hakuna mkusanyiko siku hiyo, kila mwanachama atume 50,000 moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji, na ujumbe wa uthibitisho aupeleke kwa katibu auandike kwenye daftari. Kuzipitisha fedha kwa mhazini kwanza kungemaanisha kulipa ada ya kutuma mara mbili, na fedha zote zikae mikononi mwa mtu mmoja nyakati za sikukuu. Tena mpokeaji asitegemee kaunta ya benki: Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na tarehe 7 ni Siku ya Karume, zote mapumziko. Hata kwa wakala si ajabu kukosa fedha taslimu za kutoa laki tano na nusu kwa mkupuo. Mpokeaji akijua hivyo mapema atatoa kidogo kidogo, na ada ya kutolea ijadiliwe wazi: ama aibebe mwenyewe, ama wenzake wamwongezee, maana wao ndio waliobadili utaratibu.

Pingamizi kubwa zaidi ni la ushahidi. Kwenye kikao fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote, na hakuna daftari linaloshinda macho ya watu kumi na wawili waliokaa duara. Nakubali, na ndiyo sababu sisemi kikao kifutwe. Kikao cha tarehe 12 kina kazi yake: daftari lisomwe jina kwa jina, mpokeaji athibitishe alichopata, ujumbe wa simu ulinganishwe na maandishi, watu watie saini. Ushahidi unaweza kusubiri wiki moja bila hasara. Kodi ya nyumba haisubiri. Na kama kwa sababu yoyote kikundi hakiwezi kutoa bila kukutana, basi mpokeaji apigiwe simu kabla ya tangazo kutoka, aulizwe kama wiki inamtosha, na akisema haimtoshi, kikao kiwahishwe badala ya kucheleweshwa. Uamuzi huo ni wa mwenyekiti pamoja na mwenye zamu. Katibu kazi yake ni kuutangaza.

Sasa namna ya kuutangaza. Kiswahili chetu kina mitego kwenye tarehe na saa, na katibu makini anaikwepa. "Jumapili ijayo" ikiandikwa Alhamisi, mmoja ataelewa ya wiki hii hii, mwingine ya wiki inayofuata. "Kimesogezwa mbele" kwa wengi ni kucheleweshwa, kwa wengine ni kuwahishwa. Saa ndiyo mbaya zaidi: "saa 10" kwa mama wa makamo ni jioni, jua linapopoa, lakini kijana aliyezoea kusoma saa ya simu anaona 10:00 na kufika saa nne asubuhi. Kwa hiyo tangazo liandike tarehe ya zamani na mpya pamoja, siku ya wiki, na asubuhi au jioni, kwa mfano hivi: "Ndugu wanamchezo, kikao cha Jumapili tarehe 5 Aprili HAKIPO kwa sababu ya Pasaka. Kitafanyika Jumapili tarehe 12 Aprili, saa 10 jioni, Mbagala Rangi Tatu kwa mwenzetu wa zamu ya sita, siyo Tandika. MCHANGO HAUJABADILIKA: mwisho ni tarehe 5 Aprili saa 12 jioni, kwenda kwa mpokeaji wa Aprili, kwa namba iliyo kwenye daftari. Faini ya kuchelewa inahesabiwa kuanzia tarehe 6. Kikao cha Mei kinarudi Jumapili ya kwanza, tarehe 3, Tandika. Ukipata ujumbe huu jibu kwa jina lako." Sentensi ya Mei isiachwe. Bila hiyo, wapo watakaodhani mzunguko wote umehama, na mwezi unaofuata nusu watakuwa Tandika, nusu Mbagala.

Tazama kwamba namba ya simu haikuandikwa. Ni makusudi. Kila Mtanzania anajua ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii, na hakuna wakati ambao ujumbe huo unaaminika kirahisi kama wakati kikundi kimeshaambiwa kuwa utaratibu wa mwezi huu umebadilika. Mtu akiingia kwenye simu ya mwanachama mmoja na kusoma tangazo, kilichobaki ni kuongeza mstari mmoja. Kanuni iwe kwamba mahali na tarehe vinaweza kubadilishwa kwa ujumbe, lakini namba ya kupokelea haibadilishwi kwa maandishi hata siku moja. Kama mpokeaji amebadili laini, mwanachama ampigie asikie sauti yake, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala lisomwe mpaka mwisho.

Mwisho ni kuhakikisha tangazo limefika. Wiki ya Pasaka kundi la WhatsApp hujaa picha za heri ya sikukuu, na ujumbe wa katibu unazama ndani ya saa moja. Tiki mbili za bluu zinaonyesha tu kwamba ujumbe ulifunguliwa, pengine na mtoto. Na katika wanachama kumi na wawili hakosi mmoja au wawili wenye simu ya kitochi. Katibu aandike majina yote kwenye karatasi, awekee alama kila aliyejibu kwa jina, na baada ya siku mbili awapigie waliobaki. Asiyefikiwa hawezi kutozwa faini kwa haki, na faini ikishasamehewa kwa mmoja, wa pili ataidai ruhusa hiyo hiyo. Tangazo lianze kutoka angalau siku saba kabla ya tarehe ya zamani, kwa mfano huu si baada ya Jumapili ya tarehe 29 Machi. Na kabla katibu hajalituma kwa kumi na mmoja wale, simu yake ya kwanza iwe kwa mama yule wa kodi.