Foto za aksida katika grupu: admini afanye nini?

Leo tuongelee kitu chenye kinatokea karibu kila wiki katika grupu zetu za WhatsApp, iwe ya promosiyo, ya avenyi ao ya familia. Fuso imeanguka, motari amegongwa, nyumba imeungua. Kabla hata polisi ya barabara haijafika, foto ziko tayari kwenye grupu: damu, uso wa marehemu, mtoto amelala chini. Mmoja anaandika "pole sana", mwingine anakasirika, mwingine anatoka kwenye grupu bila kuaga. Admini ananyamaza kwa sababu hajui aanzie wapi.

Kabla ya kukata neno, tuelewe kwanza kwa nini watu wanatuma. Wengi si wabaya. Kuna mwenye anataka kuonya: "Musipite ile barabara." Kuna mwenye anataka familia ijue. Kuna mwenye alikuwa pale pale, roho bado inamtetemeka, hana namna nyingine ya kutoa kile alichokiona. Na kuna mwenye anapenda tu kuwa wa kwanza. Ukiwafukuza wote mara moja, utapoteza watu wenye walikuwa na habari ya maana.

Kwa hiyo ulizo la admini si "Foto hii inatisha ao haitishi?" Macho ya watu hayalingani kwa kutisha, mtakabishana mpaka asubuhi. Ulizo nzuri ni hili: habari iliyo ndani ya foto inaweza kuandikwa kwa maneno? Na mara nyingi jibu ni ndiyo.

Tukumbuke tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma. Video ya mashua ikilala upande na kupinduka ilizunguka dunia nzima. Ile video ilikuwa na kazi: ilionyesha namna chombo kilivyojaa watu, na wakubwa wakaulizwa maswali. Lakini foto ya karibu ya uso wa mtu aliyekufa maji haiongezi kitu juu ya hayo. Inabaki tu kwenye simu, na siku moja mtoto wake ataiona. Tofauti iko hapo: kuonyesha jambo lililotokea, na kuonyesha mwili wa mtu asiyeweza tena kukubali ao kukataa. Katiba yetu, katika artikle ya 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi. Nasi hatuhitaji kungoja tribinali ndipo tuheshimu marehemu.

Sasa tuchukue mfano tuone kazi yenyewe. Tuseme ni saa moja na nusu ya asubuhi. Memba mmoja anatupa foto tatu kwenye grupu ya promosiyo yenye watu 200: moto imegongana na Fuso kwenye mteremko. Foto ya kwanza inaonyesha magari na barabara iliyofungwa. Ya pili inaonyesha motari, uso wazi. Ya tatu, abiria wake aliyekufa. Chini ameandika: "Bandugu, mungalie!"

Kitu cha kwanza, admini asianze na hotuba. Afute foto ya pili na ya tatu. Admini anabonyeza foto kwa muda, anagusa alama ya kufuta, halafu anachagua `Supprimer pour tous`. WhatsApp inamruhusu admini kufuta hata ujumbe wa mtu mwingine, na itaonekana kwamba ni admini amefuta. Hiyo haina aibu. Ile ya kwanza inaweza kubaki kama haionyeshi mtu wala nambari ya plake, kwa sababu familia inaweza kumtambua mtu wao kwa plake ao kwa kizibao alichovaa.

Kitu cha pili, aandike habari mahali pa foto, maana watu wataanza kuulizana: "Ni nani? Ni wapi?" Kwa mfano: "Kuna aksida kwenye mteremko, moto na Fuso, saa moja na nusu. Barabara imefungwa. Waliojeruhiwa wamepelekwa hospitali. Foto za watu zimefutwa. Mwenye kujua familia, aipigie simu, asiandike jina hapa." Ona, onyo limebaki, njia imejulikana, na hakuna mama atakayejua kifo cha mtoto wake akiwa ndani ya taksi.

Kitu cha tatu, amwandikie aliyetuma, pembeni, si mbele ya watu wote. "Ndugu, pole kwa ulichokiona. Uko salama? Nimefuta foto mbili kwa sababu ya familia. Asante kwa kutuonya juu ya barabara." Mtu akisemeshwa hivyo hakasiriki sana. Ukimwaibisha mbele ya watu 200, atajitetea, na grupu nzima itagawanyika.

Kama watu wanaendelea kutuma, admini anaweza kufunga grupu kwa saa chache ili admini peke yao waandike. Lakini asisahau kufungua. Grupu iliyofungwa siku tatu watu wanaihama, wanaunda ingine isiyo na admini mwenye kufikiri.

Kuna mapingamizi mawili yenye yanarudia. La kwanza: "Foto ni ushahidi." Ni kweli, na ndiyo maana grupu si mahali pake. WhatsApp ikipitisha foto kwa njia ya kawaida inaipunguza ubora, na habari kama saa na mahali ilipopigwa zinaondoka. Mwenye kupiga abakize ile ya kwanza katika simu yake, aipeleke kwa polisi ao kwa avoka wa familia. La pili: "Tunatafuta kujua marehemu ni nani." Hapo pia si watu 200 wanaohitajika. Eleza viatu, rangi ya shati, umri unaoonekana, na hospitali. Mwenye kushuku kwamba ni wa kwao aende pale na mtu wa kumshika mkono.

Na mwenye anarudia kila mara? Hapo sheria iwe imeandikwa mbele, katika maelezo ya grupu, kwa mistari miwili tu: "Hatutumi foto ya mtu aliyekufa ao aliyejeruhiwa. Mara ya kwanza tunafuta na kukumbusha. Mara ya pili, onyo la mwisho. Mara ya tatu, unatoka kwa siku 30." Sheria hiyo imguse kila mtu, hata mzee wa promosiyo, hata mwenye analipa kotizasiyo kuliko wote. Siku admini atakapomfumbia macho rafiki yake, sheria imekufa. Wawepo admini wawili ao watatu, maana mmoja anaweza kuwa kazini ao hana mega.

Tujue pia mpaka wa kazi hii. Kufuta hakutoi foto iliyokwisha kuingia katika galeri ya simu za watu. Ndiyo maana dakika tano za kwanza zina maana kuliko saa tano za kubishana. Kila memba anaweza kujilinda kwa kuzima upakuaji wa foto wa moja kwa moja katika mipangilio ya WhatsApp yake. Na mega zake zitabaki pia. Tena, ukiona mishale miwili juu ya foto, ujue imepita mikono mingi. Inaweza kuwa ya mwaka mwingine, ya nchi ingine, na ile "aksida ya leo" haipo kabisa.

Admini wa grupu yako, wamekwisha andika ile mistari miwili? Kama bado, waandike leo, wakati hakuna kilio. Siku ya kilio, kila sheria mpya inaonekana kama imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja.