Siku 14 za chaji ni siku za nani?

Garmin ilipotoa saa yake ya fenix 6 mwaka 2019, haikutaja muda mmoja wa chaji. Kwa matumizi ya kawaida ya mkononi ilitaja hadi siku 14. Ukiwasha GPS mfululizo, siku hizo zinakuwa saa 36. Ukiongeza muziki juu ya GPS, zinabaki saa 10. Kwenye hali ya msafara, ambapo saa inatafuta mahali ilipo mara moja tu kila baada ya saa nzima, betri ileile inadumu hadi siku 28. Kifaa ni kimoja na betri ni moja. Kinachobadilika ni muda ambao kila sehemu ya saa iko macho.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wa saa janja wanapopotea. Muda ulioandikwa kwenye boksi si sifa ya betri, ni matokeo ya ratiba fulani ya kazi. Mtu mwenye ratiba nyingine atapata muda mwingine, na saa yake haitakuwa na hitilafu yoyote.

Chukulia kwamba betri ni tajiri mwenye vibarua kadhaa. Skrini hudai ujira mkubwa kwa saa, GPS vilevile. Kihisi cha mapigo ya moyo hudai kidogo. Lakini mwisho wa siku analipa ujira mara muda uliofanyiwa kazi. Kibarua ghali aliyeitwa dakika kumi anaweza kugharimu kidogo kuliko wa bei nafuu aliyeshinda kazini mchana na usiku. Kwa sababu hiyo watengenezaji huzipa sehemu za saa zamu: kuamka, kufanya kazi upesi, kulala tena.

Tupige hesabu kwa saa ya mfano yenye betri ya miliampea-saa 300. Viwango ninavyotumia ni vya kukadiria, kwa ajili ya kuonyesha mwenendo. Ikiwa imetulia, ikihesabu muda na hatua tu, inatumia nusu miliampea. Kwa siku nzima ni miliampea-saa 12. Skrini ikiwaka hula miliampea 40, na kila inapowaka hubaki hivyo sekunde 7. Mtu anayeiangalia mara 90 kwa siku anaiwasha kwa jumla ya dakika kumi na nusu, gharama yake 7. Kihisi cha moyo kinakula miliampea 2 kikiwa macho, lakini kinaamka nusu dakika tu katika kila dakika kumi; kwa siku ni 2.4. Bluetooth inayosalimiana na simu mara moja kwa sekunde, kila salamu ikichukua milisekunde chache, inakula kama 0.6. Jumla ni 22. Gawanya 300 kwa 22, unapata siku 13 na nusu.

Sasa mpe saa hiyohiyo mtu mwingine. Kila akiinua mkono skrini inawaka, mara 300 kwa siku: 23. Amechagua mapigo ya moyo yapimwe bila kukoma: 48. Anakimbia saa moja na GPS, miliampea 30, huku akisikiliza muziki kutoka kwenye saa, miliampea 20. Ukijumlisha na zile 12 za msingi na 0.6 za salamu za Bluetooth, siku yake inakula karibu 134. Betri inamfikisha siku mbili na kidogo. Akiamua pia skrini isizimike kabisa, hata ikiwa imefifia na inakula miliampea 5 tu kwa saa 16 za mchana, anaongeza 80, na chaji inaisha ndani ya saa 34 hivi.

Tazama namna Bluetooth ilivyobadilika katika mifano hii miwili. Ikiwa ni salamu tu, gharama yake haionekani. Ikibeba muziki, redio haina nafasi ya kulala, kwa sababu sauti lazima ifike kwenye spika za masikioni bila kukatika. Kwa hiyo kusema kwamba Bluetooth inamaliza chaji, au haimalizi, hakutoshi mpaka ujue inafanya nini.

Laini ya simu ndani ya saa ina tabia yake. Ujumbe mfupi ukishafika, redio haifumbi macho papo hapo. Hukaa sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine. Jumbe za kundi la WhatsApp zinazoingia mojamoja mchana kutwa zinaiamsha upya kila mara, pamoja na skrini na mtetemo, hata kama maneno yenyewe ni machache. Ukiwa mbali na mnara, redio hiyo hulazimika kutuma kwa nguvu zaidi. Apple Watch, kwa mfano, hupendelea kupitia simu kwa Bluetooth, kisha Wi-Fi, na laini yake yenyewe mwishowe. Ukiisahau simu nyumbani, umebadilisha ratiba nzima bila kugusa kitufe.

Kihisi cha moyo nacho kina siri yake. Taa za kijani zilizo mgongoni mwa saa zinamulika ngozi, na kihisi kinasoma mwanga unaorudi. Saa ikilegea mkononi, au mwanga mwingi ukifyonzwa na tatuu au na rangi ya ngozi, ishara inakuwa hafifu. Apple yenyewe imeeleza kwamba kihisi chake hufidia kwa kuongeza mng'ao wa taa na idadi ya vipimo kwa sekunde. Hivyo watu wawili wenye mipangilio sawa wanaweza kutofautiana. Kukaza mkanda vizuri ni njia ya bure ya kupunguza kazi hiyo.

Ndiyo maana maandishi madogo yana thamani kuliko namba kubwa. Apple Watch ya kwanza, ya mwaka 2015, iliahidi saa 18, na Apple ilitaja siku iliyoikusudia: kuangalia muda mara 90, arifa 90, dakika 45 za programu, na dakika 30 za mazoezi yenye muziki. Mtu akisoma hivyo anaweza kujilinganisha. Penye maneno “matumizi ya kawaida” peke yake, hakuna cha kulinganisha.

Saa uliyonayo unaweza kuipima mwenyewe. Lala nayo kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, skrini ikiwa imezimwa, na uandike asilimia mwanzo na mwisho. Ikishuka asilimia 4 kwenye betri ya 300, imekula 12 kwa saa 8, yaani wastani wa miliampea moja na nusu. Usiku unaofuata zima jambo moja tu, tuseme upimaji wa moyo mfululizo, kisha linganisha. Tofauti ya asilimia moja usiiamini, maana saa hukadiria kwa kukata desimali. Rudia usiku mbili tatu. Kama imeshuka sana hata vihisi vyote vikiwa vimezimwa, kuna programu isiyolala, au muunganisho unaokatika na kutafutwa upya, au betri imechoka.

Dukani, basi, mwulize muuzaji maswali matatu kabla ya kutoa pesa: siku hizi zimehesabiwa skrini ikizimika au ikikaa imewaka, moyo ukipimwa kila baada ya muda gani, na GPS ikiwashwa saa inadumu saa ngapi? Jibu la swali la tatu ndilo ligawe kwa saa zako za mazoezi ya wiki, kwa kuwa hapo ndipo ahadi ya siku 14 huyeyuka upesi zaidi.